Toa Kwanza

Saa tisa alasiri, mwishoni mwa Oktoba, darasa la kidato cha nne katika shule moja ya kutwa mjini Tanga liko tupu. Vipindi vimekwisha na wanafunzi wako nje wanakunywa maji bombani. Mtihani wa taifa unaanza Novemba. Mwalimu wa ushauri na unasihi, ambaye wanafunzi wote humwita Madamu tu, yumo ndani peke yake akiandaa chumba. Kwenye ubao mwanafunzi fulani ameandika kwa herufi kubwa idadi ya siku zilizobaki, na Madamu anaifuta kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Halafu anafungua madirisha ya upande unaovuma upepo na kufunga yale yanayotazama uwanja wa mpira, maana kidato cha pili wana mazoezi na refa wao ana filimbi kali.

Saa ya ukutani ameiazima ofisi ya walimu. Anaitundika ukuta wa nyuma, mahali ambapo yeye ataiona na wanafunzi hawataiona. Mwenye kuhesabu sekunde leo ni yeye. Wao wameshahesabu vya kutosha. Viti anavipanga kwa nafasi ya mkono mmoja ulionyooshwa, na karibu na mlango anaacha viwili bila mtu, kwa ajili ya yeyote atakayehisi anataka kutoka. Nimeona semina nyingi za kuwahamasisha watahiniwa, zenye vipaza sauti na msemaji wa kukodiwa anayepiga kelele kwamba kufeli ni mwiko, na sijawahi kuona mtu akifikiria habari ya mlango.

Wanafunzi wanapoingia wanamwamkia, na kila mmoja anaulizwa maswali matatu kwa sauti ya chini: una pumu, umeumia shingo au mgongo siku za karibuni, umekula? Swali la tatu ndilo linalochukua muda. Wapo waliotoka nyumbani alfajiri kwa chai kavu na hawajaonja kitu tangu hapo. Njaa hutetemesha mikono na kuufanya moyo uende mbio kama hofu inavyofanya, na mwenye njaa hatulizwi kwa pumzi. Kwenye meza ya mwalimu kuna mfuko wa maandazi na ndoo ya maji yenye kifuniko. Watano wanaelekezwa huko kwanza. Mwenye pumu ni mmoja, msichana. Anaambiwa dawa yake ya kuvuta isikae kwenye mkoba, iwe mfukoni, na kwamba popote patakapotajwa kuhesabu yeye atahesabu kifupi na hatazuia pumzi hata mara moja.

Kazi inaanza kwa kipimo. Viganja vinatazama juu, vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinawekwa kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kwenye kibonde kidogo kilicho ndani ya mfupa. Kidole gumba hakitumiki kupimia kwa sababu kina mpigo wake chenyewe, na mtu anaweza kuhesabu mapigo ya kidole akidhani ni ya mshipa. Wengine hawaupati mara moja. Madamu hawaharakishi; anapita kati ya viti, anasogeza vidole vya huyu kidogo, anamwambia yule apunguze kubonyeza kwa sababu ameuziba mshipa wenyewe. Wote wakishaupata, anatazama saa ya nyuma na kusema, "Anzeni." Sekunde 30. Wanazidisha kwa mbili, wanaandika kwenye kipande cha karatasi na kukikunja. Hakuna anayesomewa. Angeuliza nani amepata ngapi, kipimo kingegeuka jaribio jingine, na darasa hili lina majaribio ya kutosha. Msichana aliyekaa karibu nami aliniruhusu nione karatasi yake. Alikuwa amehesabu mapigo 49, yaani 98 kwa dakika, naye alikuwa amekaa kitini.

Nilidhani zingefuata pumzi. Badala yake Madamu akawasimamisha nyuma ya viti vyao. Mpangilio huu ana sababu nao: mwili uliojaa hofu umejiandaa kukimbia, na ukiuamuru ghafla ukae kimya ufumbe macho, wengine husikia hofu ikipanda badala ya kushuka. Kwa hiyo anaupa kwanza kitu cha kufanya.

Mabega yanapandishwa hadi karibu na masikio, yanakaa juu kwa sekunde tano, yanaachiwa yaanguke. Mara tatu. Halafu shingo: sikio la kulia linaelekea bega la kulia, bega lenyewe likibaki chini, na linakaa hapo sekunde 15 hadi 20 kabla ya kubadilisha upande. Kabla ya zoezi hili anawakumbusha wasichana waliovaa hijabu wasogeze pini ya chini ya kidevu, isije ikachoma. Kuzungusha kichwa chote hadi nyuma, kama tulivyofundishwa enzi zetu kwenye mchakamchaka, hakufanyi. Shingo inapinda mbele na pembeni tu. Kisha vidole vinafumwa pamoja, viganja vinageuzwa kuelekea dari, mikono inanyooka na kiwiliwili kinaegemea kushoto, halafu kulia. Baada ya hapo ni zamu ya mkono wa kuandikia. Unanyooshwa mbele, kiganja kikiwa kimesimama, na mkono wa pili unavuta vidole nyuma polepole. Kisha kiganja kinaelekezwa chini na kuvutwa upande wa pili. Mwisho mguu mmoja unarudi nyuma, kisigino kinakandamizwa sakafuni mpaka mvuto unasikika kwenye shavu la mguu.

Kuinama kugusa vidole hakumo. Darasa ni la wavulana na wasichana, sketi ni sketi, na mwanafunzi anayewaza nani yuko nyuma yake hawezi kulegea. Kulala sakafuni pia hakumo, kwa sababu hiyohiyo na kwa sababu ya vumbi. Kila kitu alichokichagua kinafanyika ukiwa umevaa sare kamili, katika nafasi ya kiti kimoja, bila kujiona umejidhalilisha.

Mvulana mmoja mrefu anavuta shingo yake kwa kurukaruka, huku akiikandamiza kwa mkono kila inapogoma. Madamu anamsimamisha. "Baba, usipigane na msuli. Ukiuvuta kwa ghafla, na wenyewe unajikaza kujilinda. Peleka mpaka unapogoma, ukae hapo, usubiri." Mvulana anakaa hapo. Baada ya sekunde kumi hivi kichwa kinateremka chenyewe kiasi cha upana wa kidole, na uso wake unaonyesha mshangao. Wakati wa kunyoosha Madamu hutazama nyuso zaidi ya mikono. Aliyekunja uso amepita mpaka, hata kama mkono wake umenyooka vizuri kuliko wa wengine.

Sasa wanakaa. Hatua hii ya pili imetokana na kazi ya daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliyetoa kitabu chake juu ya kulegeza misuli mwaka 1929. Alichokigundua ni rahisi kukisema na kigumu kukiamini mpaka ukijaribu: mtu aliyejikaza kwa muda mrefu hajui kwamba amejikaza. Mwambie alegee, atakwambia amelegea, na huku taya limebana na mabega yako juu. Jacobson aliwafunza watu kuitambua tofauti kwa kukaza sehemu moja ya mwili makusudi, kisha kuiachia na kufuatilia kinachotokea. Mafunzo yake ya awali yalikuwa ya miezi mingi. Waliomfuata waliyafupisha, na Madamu ameyafupisha tena hadi yakaingia katika dakika nane.

"Kunjeni ngumi. Nusu ya nguvu zenu, siyo zote." Anahesabu tano kimoyomoyo, macho yakiwa kwenye saa. "Achia." Hapo ndipo nilipoanza kuuona ufundi wake, kwa sababu baada ya kusema achia hakusema kitu tena kwa sekunde 20 nzima. Sekunde 20 za kimya katika darasa la watoto 40 ni muda mrefu sana. Mwalimu asiyezoea angeujaza kwa maneno, angetoa mfano, angeuliza kama wamesikia. Yeye alisimama mikono ikiwa imening'inia, akasubiri. Damu inarudi kwenye vidole, kiganja kinapata joto, na mtoto anahitaji nafasi ya kulisikia joto hilo kabla ya kuambiwa kitu kingine. Kukaza kunachukua sekunde tano, kuachia kunachukua mara nne yake, na anayefupisha sehemu ya pili amebaki na mazoezi ya kukunja ngumi.

Kutoka mikononi wanapanda mabegani, kisha usoni: macho yanafumbwa kwa nguvu na kuachiwa, ulimi unakandamizwa kwenye kaakaa na kuachiwa. Kicheko kinazuka safu ya nyuma, maana nyuso 40 zilizokunjamana ni kichekesho kweli. Madamu anatabasamu, anakiacha kiishe chenyewe, anaendelea. Kutoka usoni wanashuka tumboni, mapajani, miguuni. Kwenye miguu anawaambia wavute vidole juu kuelekea goti, wasivikunje chini, kwa sababu kuvikunja chini huleta mkakamao wa shavu la mguu, na mtoto mmoja akiruka kwa maumivu zoezi zima linaanza upya.

Anajuaje kwamba inafanya kazi? Baadaye nilimuuliza, akaniambia nitazame mikono na koo. Mikono iliyokuwa imeshika mapaja hugeuka yenyewe na kufunguka kidogo. Mtu humeza mate. Kope zinapunguza kasi. Wengine hupiga miayo, na Madamu hupenda kuiona. Asiyelegea naye huonekana: goti linacheza, au kidole gumba kinasugua kucha. Huyo hamtaji jina. Anasema kwa wote, kana kwamba amekumbuka tu, "Na magoti yetu," na goti linatulia.

Pumzi zinakuja baada ya hapo, zikiwa zimebaki dakika 15, na hapa ndipo anapotofautiana na karibu kila mtu mwingine niliyewahi kumsikia. Kwa mtu mwenye wasiwasi, sote tunalo shauri moja tayari mdomoni: vuta pumzi ndefu. Yeye halitumii. Neno lake la kwanza ni "Toeni."

Mtu mwenye hofu ameshavuta. Kifua chake kimejaa, anapumua juujuu kwenye sehemu ya juu ya mapafu, na ukimwambia avute zaidi anaongeza hewa juu ya hewa. Tena moyo wenyewe una tabia inayofaa kujulikana: huongeza kasi kidogo tunapovuta na huipunguza tunapotoa. Kazi hiyo ya kupunguza hufanywa na neva ndefu inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni, iitwayo neva ya vagasi. Kadiri unavyorefusha kutoa, ndivyo unavyoupa moyo muda mwingi zaidi wa kwenda polepole. Zoezi lote limesimama juu ya jambo hilo moja.

Nyayo zote mbili ziko sakafuni. Mgongo umenyooka bila kugandishwa. Mkono mmoja umewekwa juu ya tumbo, chini ya mbavu, kwa sababu chini yake ndiko kiwambo kinakofanya kazi, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kikishuka, tumbo linasogea mbele na mkono unasukumwa. Macho yanaweza kufumbwa, lakini si lazima. Asiyetaka achague alama moja sakafuni aitazame. Madamu anasema hili kwa sauti ileile anayosemea mengine, bila kumtazama mtu, kwa kuwa wapo watoto ambao kufumba macho mbele ya watu kunawatisha kwa sababu zao wenyewe, na hawajafika hapa kuzieleza.

"Toeni polepole, midomo ikiwa imeachana kidogo tu, kama unapoza uji. Usimwage." Darasa zima linatoa. "Imekwisha? Subiri. Usiivute. Itaingia yenyewe, puani." Anawaacha wafanye hivyo mara tano bila hesabu yoyote. Kisha hesabu inaingia: kuvuta kwa tatu, kutoa kwa nne. Baada ya mizunguko michache anapanda hadi kuvuta kwa nne na kutoa kwa sita, na sauti yake inapungua kila anapofika kwenye sita. Nne na sita ni sekunde kumi, kwa hiyo kila mmoja sasa anapumua mara sita kwa dakika, wakati kijana aliyekaa tu bila kazi hupumua mara 12 hadi 20. Anahesabu kwa kufuata mshale wa saa, hafuati pumzi yake mwenyewe, maana anayeongea hawezi kupumua kwa mpangilio huo na angewaburuza bila kujua. Baada ya pumzi kama kumi ananyamaza, nao wanaendelea peke yao.

Ilikuwa ndani ya kimya hicho ndipo mvulana wa safu ya tatu alipoanza kuviangalia vidole vyake.

Nilichokiona mimi ni kijana anayejitahidi sana. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, mdomo wazi, akivuta kwa bidii ya mtu anayetaka alama zote. Madamu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwake kabla sijaelewa kuna nini. Alitembea kwa mwendo wake wa kawaida. Njiani alisema kwa wote, "Endeleeni, kila mtu ahesabu kumi zake," ili macho yasimfuate. Alipofika alichuchumaa pembeni ya kiti, uso wake ukiwa chini ya uso wa kijana.

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Vidole, Madamu. Vinafanya ganzi. Na midomo."

"Na kichwa?"

"Kinazunguka."

"Haya. Sema jina lako lote na namba yako ya mtihani."

Akasema, sentensi nzima bila kukatika. Hilo ndilo Madamu alilokuwa akilitafuta. Aliyebanwa na pumu hashindwi kuvuta tu. Anatoa kwa mluzi, na maneno yanakatika kila baada ya mawili matatu. Huyo angepewa dawa yake na, isipomsaidia, angepelekwa hospitali bila mjadala. Kijana huyu alikuwa na tatizo la kinyume: alikuwa amepumua kupita kiasi. Anayepumua kwa nguvu na kwa haraka hutoa kaboni dayoksaidi kwa wingi kuliko mwili unavyotaka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana, kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinafanya ganzi, na wakati mwingine viganja hujikunja vyenyewe. Mtoto huona anakosa hewa, anaongeza kuvuta, na hali inazidi.

"Hukosi hewa. Umeijaza mno. Funga mdomo. Puani tu, kidogo, kama hutaki jirani akusikie." Kisha akamwambia aimbe herufi moja, mmm, midomo ikiwa imefungwa, mpaka iishe yenyewe, na yeye akaianza pamoja naye kwa sauti ya chini. Uzuri wa mmm ni kwamba haiharakishwi. Ukiwa nayo unatoa, na unatoa polepole, utake usitake. Hakumpa mfuko wa karatasi apumulie, jambo ambalo wengi bado wanaliamini na ambalo ni hatari endapo tatizo ni pumu au moyo. Hakummwagia maji, wala hakuita wenzake wampepee. Dakika nne hivi zikapita, kijana akakunja na kukunjua vidole, akasema vimerudi. Madamu akabaki amechuchumaa kwa pumzi nyingine mbili tatu kabla ya kuinuka.

Utulivu ule haukuwa kwa ajili ya kijana peke yake. Anayefundisha katika nchi hii anajua jinsi hofu inavyosafiri darasani. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana wachache walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko na kilio vikaenea kwa wenzao kiasi kwamba shule ililazimika kufungwa, na baadaye vikafika vijijini. Hata leo husikika habari za wanafunzi kuanguka kwa makundi karibu na mitihani. Mmoja akianguka na walimu wakakimbia huku wakipiga kelele, wa pili na wa tatu wako njiani. Kwa hiyo ukimwona mwalimu huyu akitembea taratibu kuelekea kwa mtoto anayetetemeka, usidhani hajali. Darasa zima linamtazama yeye ili lijue kama kuna la kuogopa.

Wanapima tena. Msichana wa karibu yangu amehesabu 39, yaani 78 kwa dakika. Hakusema kitu, aliigeuza karatasi akaangalia namba ya kwanza, kisha ya pili. Wapo ambao namba yao imeshuka kidogo sana, na mmoja imepanda. Madamu anawaambia kwamba hilo hutokea: wapo ambao mara za kwanza utulivu wenyewe unawashtua, na kwao anabakiza zoezi la kunyoosha tu, wakiwa wamesimama na macho wazi, mpaka wazoee. Ndiyo maana kipindi hiki hakikuanza wiki hii. Wamekuwa wakikifanya mara mbili kwa wiki tangu Agosti, kwa kuwa pumzi iliyofundishwa asubuhi ya mtihani ni kitu kimoja zaidi cha kusahau.

Watu wengi wangefunga kipindi hapo, watoto wakiwa wamelainika na nusu wamesinzia. Yeye anawasimamisha, wanakunja na kukunjua mikono, wanakanyagakanyaga chini, madirisha yote yanafunguliwa. Moyo uliochangamka kidogo unamfaa mtu anayekwenda kuandika kwa saa tatu. Halafu anatoa kwenye mkoba karatasi za Hisabati za miaka iliyopita na kuzigawa, uso ukiwa chini. Chumba kinabadilika papo hapo. Nilisikia viti vikisogea, na goti lile lililotulia likaanza tena.

"Mmeusikia moyo?" anauliza. "Vizuri. Nilitaka uje." Hawaruhusu kugeuza karatasi. Anawataka watoe, waachie mabega, wapumue mara tatu kwa nne na sita, kisha wageuze, wasome swali la kwanza mara mbili bila kushika kalamu. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengine kulielewa tu ndiyo kazi ya kwanza. Hawalijibu. Wanageuza karatasi chini tena, wanapumua, wanageuza tena. Mara ya nne mshtuko unakuwa mdogo. Hili, kwa maoni yangu, ndilo tendo la thamani kuliko yote ya alasiri ile: watoto wamefundishwa kutulia mbele ya kitu chenyewe kinachowaogopesha, maana kutulia kitini alasiri yenye upepo kila mtu anaweza.

Kuhusu mipaka ya kazi yake Madamu ana maneno machache. Asiyesoma logarithimu hatazipata puani. Anayelala saa nne kwa usiku, wakati umri wake unataka nane hadi kumi, atatulia akasinzia. Na yupo yule ambaye hajapata usingizi kwa wiki nzima, ameacha kula, anasema hakuna maana ya kuendelea kuishi. Huyo haambiwi apumue. Anakaa na mwalimu siku hiyohiyo, mzazi anaitwa, na wanakwenda pamoja hospitali ya mkoa. Mwaka jana alikuwapo mmoja. Hakunieleza zaidi, nami sikuuliza.

Wanapokusanya madaftari, anawapa toleo la chumba cha mtihani, ambalo msimamizi hawezi hata kulitambua. Nyayo chini. Ulimi uachie kaakaa, mabega yashuke. Pumzi tatu, ukianza kwa kutoa, jumla nusu dakika. Ndipo uandike namba ya mtihani, uisome tena tarakimu kwa tarakimu, maana mkono unaotetemeka hugeuza 6 kuwa 0. Kila baada ya saa moja weka kalamu chini, vuta vidole vya mkono wa kuandikia nyuma kwa sekunde kumi, upande huu na upande ule. Na ukikuta swali usilolijua, toa kwanza, kisha nenda swali linalofuata.

Mvulana wa vidole vya ganzi aliuliza kama anaruhusiwa kuimba ile mmm ndani ya chumba cha mtihani.

"Kimoyomoyo," Madamu akamjibu. "Ukiimba kwa sauti watakuandikia ripoti."